«Tupeane uhuru»: jibu gani kwa bwana anayeomba ndoa ya wazi kutoka mu mashimo?

Familia nyingi za Butembo na Beni zinaishi ndoa nusu mu nyumba, nusu ku telefoni. Bwana anapanda moto kwenda Mangurejipa, mu sekta ya Bapere, ao anaingia Ituri mpaka Biakato, mu Mambasa. Anasema atarudi nyuma ya miezi miwili. Lakini shimo haliheshimu kalenda. Watu wanachimba wiki nyingi bila kuona dhahabu, deni ya chakula inapanda kwa pedeje, na mtu anapata haya ya kurudi mikono mitupu. Tena tangu mwaka 2024, ADF walipoanza kuua watu mu Bapere, njia yenyewe imekuwa ya woga. Miezi miwili inakuwa nane.

Ni mu hali hiyo ombi fulani linaanza kusikika. Bwana hasemi «nimepata mwanamke mwingine». Hasemi «nakuacha». Anasema: «Tupeane uhuru. Kila mtu afanye yake, ila tubaki bibi na bwana.» Mara nyingine ni bibi ndiye anayesema hivyo kwa bwana aliye mbali. Anayesikia maneno hayo, mara nyingi anasikia kitu kimoja tu: sitakiwi tena.

Wamama, na wababa pia, wanauliza: mtu anajibu namna gani ombi kama hilo bila kusema uongo, na bila kuvunja nyumba mu dakika tano? Hatutaongea hapa juu ya nani ni mwenye zambi. Mapadri na wachungaji wanaongea juu ya hiyo. Tunataka kuongea juu ya jibu lenyewe.

Ombi hili si deziyemu biro

Kwanza tutenganishe vitu vitatu ambavyo watu wanachanganya.

Deziyemu biro tunaijua wote: bwana ana mwanamke wa pembeni, na nguvu ya jambo lile ni siri. Mitala nayo tunaijua: bwana anaongeza bibi wa pili, na bibi wa kwanza anajulishwa, akubali ao akatae. Ndoa ya wazi ni kitu cha tatu. Wote wawili wanajua, wote wawili wamekubali, na uhuru ni wa wote wawili.

Jina lenyewe lilienea duniani mwaka 1972, wakati Wamerika wawili, Nena na George O'Neill, bibi na bwana, walitoa kitabu juu ya ndoa ya wazi. Kiliuzwa sana. Watu wengi walikumbuka tu kurasa chache zilizosema kwamba watu wa ndoa wanaweza kukubaliana kulala na wengine. Sehemu kubwa ya kitabu ilikuwa juu ya kusikilizana, kuaminiana, na kila mtu kuwa na nafasi yake ya kukomaa. Mwaka 1977 Nena alitoa kitabu kingine, na mule alirudi kusisitiza uaminifu. Tunaleta habari hii juu ya sababu moja: hata wale waliotangaza jambo hili hawakuliona kuwa neno la kutupa ku telefoni jioni moja.

Kwa hiyo kuna swali fupi la kujua ni kitu gani kimeombwa kweli: «Na mimi pia?» Kama jibu ni «hapana, weye uko mama ya batoto», basi hakuna ndoa ya wazi hapo. Kuna bwana anayeomba ruhusa ya bibi wa pili kwa jina lingine.

Mfano mmoja, kutoka mwanzo

Tuchukue mfano. Tumeutunga wenyewe, si habari ya mtu fulani. Lakini wengi watajua njia yake.

Bwana ameondoka Butembo mwezi wa pili. Mwanzoni alituma dola 100 kwa mwezi, halafu 60, halafu 40. Mwezi wa kumi anapiga simu usiku. Rezo inakatika-katika, na nyuma yake muziki ya nganda inasikika. Anasema: «Mama, miye naona hii maisha ya mbali iko nguvu. Tupeane uhuru. Weye ukipata mutu kule, aende. Na miye hapa vile. Lakini ujue, weye njo bibi yangu.»

Bibi ana watoto watatu, wa mwisho bado ananyonya. Mu kichwa chake majibu matatu yanakuja pamoja, na kila moja lina mutego wake.

La kwanza ni «Sawa». Anataka kulisema juu ya minervali ya watoto, juu ya nyumba ya kupanga, juu ya woga kwamba akikataa simu haitalia tena. «Sawa» ya namna hiyo ni kununua wakati tu. Nyuma ya siku tatu ataanza kuuliza maswali ya polisi: uko wapi, nani anacheka pale? Bwana atasema: «Si ulikubali?» Na kweli, alikubali.

La pili ni matusi. Yanatuliza moyo dakika kumi. Lakini bwana aliyetukanwa anapata sababu ya kukata simu, na bibi analala bila kujua kile alichotaka kujua.

La tatu ni kupigia mama mkwe usiku uleule, ao kuandika mu grupu ya watsap ya familia. Hapo jambo la watu wawili linakuwa la watu arobaini. Bwana atasimama kujitetea mbele ya ndugu zake, na mtu anayejitetea hasemi ukweli.

Jibu la usiku wa kwanza linaweza kuwa fupi kabisa: «Papa, nimesikia. Imeniumiza sana. Sitajibu leo. Unipigie siku ya Mungu mchana, ukiwa peke yako.» Maneno hayo hayana uongo hata moja. Hayakubali, hayakatae. Na yanatoa mazungumzo mu nganda, yanayapeleka mahali ambapo mtu anaweza kuongea bila kelele na bila warafiki kusikiliza.

Maumivu ni ya kweli, lakini hayajasema yote

Kati ya usiku ule na siku ya Mungu kuna siku chache. Ndizo siku ngumu. Bibi wa mfano wetu anajiangalia mu kioo. Anasema: mwili yangu imechoka, nimezaa, ameona wasichana wa kule. Kila kitu cha zamani kinapata maana mpya: ile siku hakupiga simu, ile mara alisema nimenona.

Hapa tunapenda kusema polepole. Kuumia hivyo si ujinga na si wivu mbaya. Mtu aliyechaguliwa mbele ya jamaa mbili, na mbuzi zikatoka, akiambiwa ghafla kwamba wengine wanaweza kuingia, lazima aumie. Lakini maumivu yanamwambia kitu kimoja tu: jambo hili linanigusa. Hayamwambie bado kwa nini bwana ameomba.

Na sababu zinaweza kuwa tofauti sana. Kuna bwana ambaye amekwisha kuanza, na anatafuta muhuri juu ya kitu kilichofanyika. Kuna bwana ambaye anataka kuacha nyumba lakini anaogopa kusema, sasa anafungua mlango kidogo-kidogo, akitumaini bibi ndiye atatoka wa kwanza. Na kuna bwana ambaye hajafanya kitu, hataki kuacha mtu, lakini miezi nane ya upweke imemshinda, naye ameona heri kusema kuliko kuiba. Wa tatu huyu anaumiza sawa na wengine, ila hajamkataa bibi yake. Jibu kwa watu hawa watatu haliwezi kuwa moja. Ndiyo maana kuuliza kunakuja mbele ya kujibu.

Tena kuna swali moja ambalo bibi anajiuliza mwenyewe, bila mtu kusikia: «Kama ningejua hakika kwamba nikikataa makuta ya watoto itaendelea kufika, na hataniacha, ningejibu nini?» Swali hilo linatenganisha woga na mapenzi yake. Kama jibu linakuwa «hapana» mara moja, basi «sawa» aliyotaka kusema ilikuwa ya woga. Kama hata hapo hajui, basi neno la kweli ni «sijui bado», na hilo pia ni jibu. Na kuna mtu mmoja-mmoja atakayeona kwamba mbele ya swali hilo anaweza kusema ndiyo bila kulazimishwa. Tutarudi kwake.

Maswali ya siku ya Mungu

Bwana anapiga tena. Bibi ameandika maswali matatu ku karatasi, maana mtu akiumia anasahau.

«Uko na mutu tayari?» Ni la kwanza, juu linabadilisha yote. Linaulizwa kwa sauti ya kawaida, halafu mtu ananyamaza. Bwana akizunguka, «unauliza hivyo juu ya nini, weye hauniamini», bibi anaweza kurudilia mara moja: «Sigombane. Nataka kujua tu.» Mwenye hana mtu, mara nyingi anasema hana mtu. Mwenye anakasirikia swali mara tatu ametoa jibu fulani, hata kama halitoshe kuwa ushahidi.

«Na miye pia?» Tumekwisha kulieleza.

«Unataka kuniacha?» Hili watu wengi wanaliogopa, wanalizunguka mwaka mzima. Lakini ndilo swali ambalo moyo unauliza chini ya mengine yote. Heri kulisema kwa kinywa kuliko kulitafuta mu telefoni ya mtu usiku. Akisema hapana, bibi anaweza kuangalia matendo yanasema nini: anauliza habari ya mtoto mgonjwa? Bado anaongea juu ya parseli waliyotaka kununua? Anataja siku ya kurudi, ao siku ile inasogea kila mwezi? Anayetaka kuondoka anaacha kwanza kuongea juu ya kesho.

Mu mfano wetu bwana ananyamaza, halafu anasema: «Kuko mama moja ananipikiaka. Haiko kitu kikubwa.» Sasa bibi anajua. Hakuombwa shauri. Aliombwa muhuri. Inauma zaidi kuliko mbele, lakini ni maumivu ya jambo linalojulikana.

Jibu lenyewe

Jibu la kweli lina sehemu mbili, na mara nyingi watu wanasema moja tu. Sehemu moja ni namna nilivyosikia. Nyingine ni kile nitakachofanya. Mwenye anasema maumivu tu, bila uamuzi, anamwachia mwenzake kuamua. Mwenye anasema uamuzi tu, akificha maumivu, anaonekana kama jiwe, na mwenzake hajui alivunja nini.

Bibi wetu anaweza kusema hivi: «Papa, uliponiambia vile, nilisikia kama umenitupa. Labda haukutaka kunitupa, lakini vile njo nilisikia. Jibu yangu ni hapana. Siwezi kuishi mu ndoa ya vile, siwezi kudanganya naweza. Kama unataka tubaki, ile mambo ya kule inaisha, unarudi, tunapimwa wote wawili. Kama hautaki, uniambie wazi, tuite jamaa. Na makuta ya batoto haiko mu hii mazungumzo. Ile ni ya batoto.»

Tuangalie kile ambacho hakusema. Hakusema «mwanaume wa kweli hawezi». Hakusema «mashimo imekuharibu». Hakumwambia yeye ni nani. Alisema yeye mwenyewe anaweza nini na hawezi nini. Mtu anaweza kubisha juu ya tabia yake mpaka asubuhi, lakini hawezi kubisha juu ya «miye siwezi».

Neno la makuta linahitaji mstari wake. Kulisha na kusomesha watoto ni deni ya baba na mama kufuatana na sheria ya jamaa ya Kongo, hata kama ndoa imevunjika, hata kama watu waliishi tu mu yaka tofanda bila kupita komini. Kwa hiyo bwana akisema «ukikataa, situmi tena», amechanganya vitu viwili. Bibi anaweza kutaja jambo hilo mbele ya jamaa, ao mbele ya tribinali.

Nani aitwe? Si kila mtu. Pareni na mareni wa ndoa wanafaa kwanza, maana walisimama kwa wote wawili, si kwa upande mmoja. Kama hawako, mzee mmoja wa kila jamaa anatosha.

Kwa mwenye anataka kusema ndiyo

Wako wachache. Tusiwasahau, na tusiwadanganye pia.

Mbele ya sheria, mkataba wa namna hiyo hauna fasi. Ndoa ya komini ni ya watu wawili tu, sheria inawadai uaminifu, na uzinzi ni kosa ambalo mwenzi anaweza kulipelekea mashtaka. Leo mtu anakubali ku telefoni, kesho wamegombana juu ya parseli, na yale maneno ya uhuru yanakuwa silaha. Katika mji wetu, silaha hiyo kwa kawaida inamwangukia mwanamke.

Halafu kuna mwili. «Tutatumia kapoti» ni neno zuri lakini halimalize kazi. Kipimo cha sida kinachofanywa siku chache nyuma ya kulala na mtu kinaweza kusema hakuna kitu, wakati virusi viko. Inafaa kurudilia nyuma ya miezi mitatu. Kama kapoti imepasuka ao haikuwa, kuna dawa za kuzuia virusi, lakini lazima zianze ndani ya saa 72, na zimezwe siku 28. Mwenye yuko mbali mu msitu, saa 72 zinaweza kwisha njiani. Kaswende isiyotunzwa inapita kwa mama inafika kwa mtoto wa tumboni.

Na tuna somo la karibu. Mwishoni mwa mwaka 2023, mu Kamituga, mji wa dhahabu wa Kivu ya Kusini, ulianza kuonekana mpoksi wa namna mpya, ukipita kati ya watu wazima, sana-sana kwa njia ya kulala pamoja. Ulifuata njia za wachimbaji na wafanyabiashara. Tarehe 14 mwezi wa 8 mwaka 2024, OMS ilitangaza hatari ya dunia nzima. Mpoksi unapita kwa kugusana ngozi, kwa hiyo kapoti peke yake haiuzuie. Mwenye anasema ndiyo, anasema ndiyo kwa vipimo pia, na kwa kuambiana ukweli upele unapotokea. Kama hawawezi kuambiana vile, hawawezi ndoa ya wazi.

Alama ya kwamba ndiyo ilikuwa ya uongo ni nyepesi kuona: hulali, unaangalia saa aliyoonekana mara ya mwisho ku watsap, unatumaini atachoka na uhuru mwenyewe. Mwenye anaona hivyo ana haki ya kurudi na kusema: «Nilijaribu. Siwezi.» Kukubali jana hakumfunge leo.

Ikiwa ni bibi aliyeomba

Baba mmoja akisikia maneno hayo mu kambi ya wachimbaji, mbele ya wenzake, haya inaweza kumpandisha hasira ya kutisha. Wenzake watamwambia ashuke Butembo akamfundishe. Asishuke na hasira hiyo. Kupiga bibi hakutamrudisha, kutampeleka bwana gerezani, na watoto wataona.

Kwake pia kazi ni ileile. Aseme amesikia, aombe siku chache, halafu aulize. Na swali moja ni lake zaidi: miezi nane iliyopita, bibi alimwambia mara ngapi kwamba ni mpweke, naye akajibu kwa kutuma makuta tu? Pengine ombi la uhuru ni namna ya mwisho ya kusema «urudi». Pengine siyo, na bibi amekwisha kuondoka mu moyo. Hatajua bila kuuliza, na hataambiwa ukweli kama anayeuliza anatisha.

Bibi wa mfano wetu hatujui atapata jibu gani. Bwana alisema atafikiri, atashuka mwezi wa kumi na mbili. Pengine atashuka. Kati ya leo na siku ile, bibi amepanga vitu vitatu: kuongea na mareni wake, kwenda kupimwa yeye mwenyewe ku kituo cha afya, na kuendelea kupokea simu za bwana wakati anapigia watoto. Simu za usiku kutoka mu nganda, hapokei tena.